Matoleo mawili ya mkataba yanapopishana: dalili, chanzo na jinsi ya kurekebisha

Barua iliyofika Molo ilikuwa na mistari minne tu, na mmoja ulisema: "Tunasitisha ununuzi wa viazi kuanzia Jumatatu." Kikundi cha wakulima kilichokuwa na mkataba na mnunuzi wa Nakuru mjini kiliisoma, kikaelewa kwamba mkataba umekwisha, na kabla ya wiki kuisha kilikuwa kimeuza sehemu kubwa ya viazi kwa mabroka wanaopita na malori. Mnunuzi alimaanisha jambo jingine kabisa. Mtambo wake ulikuwa unafanyiwa ukarabati, na alitaka kusimama wiki tatu kisha aendelee. Aliporudi hakukuta viazi. Katika mkutano uliofuata kila upande uliweka kidole kwenye kifungu chake, na kila upande ulikuwa sahihi kwa toleo uliloshika.

Toleo la Kiswahili nililitafsiri mimi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikagua mikataba ya Kiingereza na Kiswahili kwa utaratibu ninaoueleza hapa. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu mara nyingi mtu huletewa mkataba ambao tayari unauma, na lazima aanze na mahali panapouma. Mimi ni mtafsiri, si wakili. Mahali ambapo jambo ni la wakili nitasema hivyo.

Dalili ya kwanza: pande mbili zinasoma neno lile lile, kila mmoja ana maana yake

Huu ndio ugonjwa wa Molo, na ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi. Chanzo chake ni neno moja la Kiswahili kubeba maneno mawili au matatu ya Kiingereza ambayo kisheria hayafanani.

Mkataba wa viazi ulikuwa na mambo matatu tofauti. Kifungu cha 9 kilimruhusu mnunuzi kusimama kwa muda usiozidi siku 21 mtambo ukiharibika, na baada ya hapo lazima aendelee kununua. Kifungu cha 14 kiliruhusu upande wowote kumaliza mkataba moja kwa moja kwa notisi ya siku 30. Kifungu cha 12 kilieleza nini kinafuata upande mmoja ukienda kinyume na mkataba. Kiingereza kilikuwa na maneno matatu kwa mambo hayo matatu. Mimi nilitumia "kusitisha" katika cha 9 na pia katika cha 14, kwa sababu Kiswahili kinaliruhusu neno hilo kote kuwili. Tunasema "kusitisha mapigano", na mapigano yanaweza kurudi kesho. Tunasema pia "kusitisha ajira ya mtu", na mtu huyo hatarudi. Nikiwa natafsiri kifungu kimoja kimoja, kila sentensi ilisikika sawa. Kosa halikuwa ndani ya sentensi yoyote; lilikuwa kati ya vifungu viwili, na ukisoma kifungu kimoja kimoja huwezi kuliona.

Mnunuzi alipoandika barua yake alichukua neno kutoka mkataba wenyewe, akifikiria kifungu cha 9. Wakulima walilisoma wakifikiria cha 14. Hakuna aliyedanganya.

Kuligundua ni kazi ya kuhesabu. Fungua matoleo yote mawili kwenye kompyuta na utumie `Ctrl+F`. Kwa Kiingereza tafuta sehemu ya neno inayobaki hata neno likibadilika mwisho. Kwa Kiswahili tafuta mzizi wa kitenzi, kwa sababu viambishi vya mbele na vya nyuma hubadilika kila mara. Ukitafuta "kusitisha" hutaona "imesitishwa", wala "akisitisha", wala "usitishaji". Ukitafuta `sitish` utaziona zote. Nilipofanya hivyo kwa mkataba wa Molo, nikiwa nimechelewa, hesabu ilikuwa hii:

```
terminat   7      sitish   11
suspen     4      kiuk      3
breach     5      vunj      2
```

Upande wa kushoto kuna maneno matatu, na kulia matatu. Ukiangalia haraka unaona mambo ni shwari. Jumlisha: 7 na 4 ni 11, na hiyo ndiyo hesabu ya `sitish`. Maneno mawili ya Kiingereza yamemezwa na neno moja. Kisha 3 na 2 ni 5: neno moja la Kiingereza limegawanywa likawa mawili ya Kiswahili, mara "kukiuka", mara "kuvunja". Kasoro mbili zinazokwenda kinyume zilikuwa kwenye ukurasa mmoja, na zote zilionekana kwa dakika kumi za kuhesabu.

Kasoro ya pili ina mtego wake. Mtu akishaona kwamba "kusitisha" linachanganya, mkono wake huenda kwenye "kuvunja mkataba". Lakini kwa wasomaji wengi "kuvunja mkataba" ni kwenda kinyume nao, yaani kufanya kosa. Ukiandika kwamba upande wowote unaweza "kuvunja mkataba" kwa notisi ya siku 30, umeruhusu kosa kwa maandishi, au angalau umempa mtu nafasi ya kudai hivyo. Kwa hiyo orodha ninayotumia sasa ni hii, na maneno "kusitisha" na "kuvunja" hayamo kabisa:

```
suspend    = kusimamisha kwa muda
terminate  = kutamatisha
breach     = kukiuka
```

Mwingine atachagua "kukomesha" badala ya "kutamatisha", na sina ugomvi naye. Ubora wa orodha hauko katika neno lililochaguliwa. Uko katika neno moja kwa neno moja, kutoka ukurasa wa kwanza hadi sahihi ya mwisho, na hata katika barua zitakazoandikwa baada ya mkataba. Ndiyo maana siku hizi nampa mteja orodha hiyo kwenye karatasi yake ya peke yake. Barua ya Molo iliandikwa na karani ambaye hakuwahi kuniona.

Chanzo kilicho nyuma ya chanzo ni shule. Tulifundishwa kwamba insha nzuri hairudii neno, na mwalimu alikuwa sahihi kuhusu insha. Mtafsiri aliyefaulu Kiswahili vizuri ndiye aliye hatarini zaidi. Ataandika "mazao" katika kifungu cha 2, "viazi" katika cha 5 na "bidhaa" katika cha 8, na siku moja mtu atauliza iwapo mbegu ya viazi aliyopewa kwa mkopo ni "bidhaa" au la. Nimeona "notisi", "ilani", "taarifa" na "arifa" katika kurasa sita za mkataba mmoja, na ni notisi pekee iliyotakiwa kuwa ya maandishi. Kama Kiingereza kimerudia, rudia nawe. Kama Kiingereza chenyewe kimebadilisha neno, usinyooshe kimyakimya. Mwandikie aliyeandika mkataba umwulize kama ni jambo moja au mawili, na jibu lake ulihifadhi.

Orodha hiyo inaandaliwa kabla ya kutafsiri. Mimi huanza na kifungu cha fasili, kisha napitia mkataba mzima nikichukua kila neno linalotoa haki, linalobeba wajibu au linalohusu pesa. Mkataba wa kurasa kumi huwa na maneno 25 hadi 40 ya aina hiyo. Katika maneno hayo, yanayonitisha zaidi ni "dhamana" na "fidia". "Dhamana" kwa Kiswahili ni ahadi ya ubora wa kitu, ni mali inayowekwa kwa mkopo, ni mtu anayemsimamia mwingine, na ni kinachomtoa mtu rumande. Hayo ni mambo manne, na mkataba mmoja wa mkopo wa pembejeo unaweza kuwa na matatu kati yake. Hapo haitoshi kuandika "dhamana" peke yake. Andika "dhamana ya ubora", "mali ya dhamana", "mdhamini", na uzifasili.

Dalili ya pili: mtu amefanya lililokatazwa, na anakuonyesha palipomruhusu

Mkataba huo huo ulimkataza mkulima kuwauzia watu wengine viazi vilivyokwisha kuhesabiwa. Kiingereza kilisema `may not sell`. Katika rasimu ya mtafsiri mwingine, niliyoombwa kuikagua baadaye kwa kikundi cha jirani, sentensi kama hiyo ilikuwa: "Mkulima anaweza asiwauzie watu wengine." Kila neno lina mwenzake. Maana imepinduka. Kiingereza kimefunga mlango. Kiswahili kimemwambia mkulima kwamba akipenda asiuze, na akipenda auze.

Nilimsomea mzee mmoja wa Njoro kifungu hicho, nikamwuliza: "Mzee, ukimwuzia broka magunia mawili, umekosea?"

"Hapana, mwanangu. Wamesema naweza nisiuze. Basi mimi nimeona niuze."

Swali hilo ndilo kipimo changu kikuu kwa kila kifungu chenye wajibu, na halihitaji mtaalamu. Mchukue mtu ambaye hajaona Kiingereza, msomee Kiswahili, kisha umwulize: asipofanya hivi, amekosea? Na akifanya vile, amekosea? Majibu yake yalinganishe na toleo la Kiingereza. Usimwulize kama ameelewa, kwa sababu kila mtu husema ameelewa, hasa mbele ya mgeni aliyebeba karatasi.

Chanzo hapa ni kwamba "anaweza" lina kazi tatu. Linasema mtu ana uwezo, linasema ana ruhusa, na linasema jambo huenda likatokea. "Kampuni inaweza kukataa viazi vyenye madoa": je, ina haki ya kuvikataa, au tunaonywa kwamba huenda ikavikataa? Kwenye mikataba mimi nimeliacha kabisa. Kwa wajibu naandika "ni lazima" au "ina wajibu wa". Kwa ruhusa naandika "ina haki ya" au "ina hiari ya", kulingana na Kiingereza. Kwa katazo naandika "haruhusiwi".

Kuna swali la kiambishi "-ta-". Wako wenzangu, tena wazoefu kunishinda, wanaotafsiri kila wajibu kwa wakati ujao: "Mnunuzi atalipa", "Mkulima atapeleka". Si kosa, na katika sheria zilizotafsiriwa utaukuta sana mtindo huo. Lakini mtu wa kawaida akisikia "atalipa" husikia ahadi au habari, na katika mkataba huo huo kuna sentensi za wakati ujao ambazo ni habari kweli, kama "mkataba huu utaanza tarehe 1 Machi". Ukichagua "-ta-" kwa wajibu, liseme hilo katika kifungu cha fasili na ulishike hadi mwisho. Kinachoumiza ni kuchanganya: kifungu kimoja "ni lazima alipe", kinachofuata "atalipa". Msomaji atadhani tofauti hiyo ina sababu, na mahakamani wakili atailisha hoja yake hapo hapo.

Anayedhani tofauti ya hiari na lazima ni ndogo akumbuke mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889, kati ya Menelik II wa Ethiopia na Italia. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilimpa mfalme hiari ya kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Toleo la Kiitaliano lilisema amekubali kuitumia. Italia ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake, Menelik akaukana mkataba, na jambo hilo likaishia kwenye vita vya Adwa mwaka 1896.

Dalili ya tatu: haijulikani nani alitakiwa kufanya

Ukitaka kuona ugonjwa huu, chukua sentensi hii: "Atamlipa ndani ya siku 14 baada ya kupokea hati ya mizani." Anayelipa tunamjua. Anayepokea hati ni nani? Kitenzi kikianza na "ku-" hakina mwenyewe. Mkulima akishapokea hati yake shambani Jumanne na hati ya mnunuzi ikafika ofisini Ijumaa, siku 14 zina mianzo miwili. Kiingereza kilikuwa kimesema wazi kwamba ni mnunuzi ndiye anayepokea, lakini maneno hayo yalidondoka kwa kuonekana kama marudio.

Kiambishi "a-" nacho kinamfaa kila mtu. Mkulima na Mnunuzi wote wako katika ngeli moja, kwa hiyo baada ya sentensi mbili "a-", "-m-" na "yake" hayaonyeshi tena ni nani. Dawa ya kawaida ni kurudia jina: "baada ya Mnunuzi kupokea", "ghala la Mkulima". Sentensi inakuwa nzito kidogo, na iwe hivyo.

Lakini ngeli zenyewe zinaweza kukusaidia ukizipanga mapema. Kama fasili zinaruhusu, mwite mnunuzi "Kampuni" na wakulima "Kikundi". Sasa Kampuni "italipa" na Kikundi "kitapeleka", na hata jina likiwa mbali, kiambishi kinaonyesha ni nani. "Kikishapokea hati, italipa" haiwezi kusomwa vibaya. Kabla ya kufanya hivyo zungumza na wakili aliyeandika Kiingereza, ili jina la upande lifanane katika matoleo yote mawili. Usilibadilishe upande mmoja.

Kuna jambo la kukumbuka wakati wa kuhesabu: "Mkulima" katika wingi ni "Wakulima", na ukitafuta mzizi `kulima` utaletewa pia kitenzi cha kulima shamba. Hapo hakuna njia ya mkato. Pitia kila moja kwa jicho.

Dalili ya nne: idadi ni sawa, mzigo si sawa

Kiingereza kilifasili gunia kuwa kilo 50, ambacho ndicho kikomo kilichowekwa na kanuni za zao la viazi za mwaka 2019. Kisha kila mahali kikasema magunia 120. Katika toleo moja la Kiswahili nililoletewa, kifungu cha fasili kilikuwa kimefupishwa "ili wakulima wasichoke", na fasili ya gunia ikaachwa. Yaliyobaki ni magunia 120 tu.

Sasa uliza gunia ni nini. Kwa mkulima wa mahindi wa Kitale au Nakuru, gunia ni kilo 90. Kwa mtu aliyezoea kumuuzia broka viazi, ni gunia lililorefushwa kwa wavu na kamba juu ya mdomo, na linaweza kupita kilo 100. Magunia 120 ya mkataba ni kilo 6,000. Yale yaliyorefushwa, tukikadiria kilo 110 kila moja, ni kilo 13,200. Bei iliwekwa kwa gunia. Mtu mmoja anaweza kupeleka zaidi ya maradufu kwa bei ile ile, akiamini ndivyo alivyotia sahihi. Andika kilo katika sentensi yenyewe, "magunia 120 ya kilo 50 kila moja", hata kama fasili ipo. Na usiruhusu toleo la Kiswahili liwe fupi kwa kuondoa fasili. Anayesoma Kiswahili ndiye anayezihitaji zaidi.

Saa ni hatari ya namna hiyo hiyo. Mzigo unapokelewa kati ya `6:00 a.m.` na `10:00 a.m.`, na tafsiri ikanakili tarakimu: "kati ya saa 6:00 na saa 10:00". Lori linafika saa sita mchana na kukuta lango limefungwa tangu saa nne. Andika kwa maneno pamoja na wakati wa siku: saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne asubuhi. Ukikuta tarakimu za saa katika toleo la Kiswahili bila neno "asubuhi", "mchana", "jioni" au "usiku", zitilie shaka hapo hapo.

Siku za kazi pia zifasiliwe. Shambani kila siku ni ya kazi. Kama Kiingereza kinahesabu Jumatatu hadi Ijumaa bila sikukuu, siku 14 za kazi ni karibu wiki tatu, na anayesubiri pesa zake anastahili kulijua hilo kabla ya kutia sahihi.

Dalili ya tano: matoleo yalikuwa sawa mwezi uliopita, sasa hayafanani

Hapa mtafsiri hana kosa, lakini ndiye atakayelaumiwa. Kisumu niliwahi kutafsiri mkataba wa usambazaji wa samaki wa vizimba. Nilikabidhi Alhamisi. Usiku huo mawakili walipunguza bei na kuongeza kifungu kimoja, kwa Kiingereza peke yake, na Ijumaa asubuhi watu wakatia sahihi matoleo yote mawili. Kifungu kipya kilikuwa cha 7, kwa hiyo cha 7 cha Kiswahili kilikuwa cha 8 cha Kiingereza, na kuanzia hapo namba za vifungu hazikulingana tena kati ya matoleo. "Kwa mujibu wa kifungu cha 10" la Kiingereza lilimpeleka msomaji wa Kiswahili kwenye bima badala ya malipo.

Ukishuku hili, usisome kwanza. Linganisha namba ya kifungu cha mwisho katika matoleo yote, kisha tarakimu zote za pesa na tarehe, kisha marejeleo. Kazi hiyo haichukui nusu saa.

Kinga yake ni jedwali la safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, kifungu kimoja kwa mstari mmoja. Mtu akigusa kushoto, nafasi tupu au ya zamani kulia inaonekana. Faili mbili tofauti huficha. Andika tarehe na namba ya toleo chini ya kila ukurasa. Na mabadiliko ya kalamu siku ya sahihi yaandikwe katika safu zote mbili, na pande zote ziweke herufi za majina yao kando ya kila moja.

Dalili ya sita: kila toleo linasema lenyewe ndilo litakalofuatwa

Hii ukiiona mara ya kwanza huamini. Kifungu cha lugha cha Kiingereza kinasema tofauti ikitokea toleo la Kiingereza litafuatwa. Mtafsiri akaandika "toleo hili litafuatwa". Sasa kuna matoleo mawili yanayojitawaza. Taja lugha kwa jina, katika matoleo yote, kwa maneno yale yale.

Kama kifungu hicho hakipo, usidhani kwamba Kiingereza kinashinda chenyewe. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Katiba yenyewe ililiona tatizo hili: kifungu cha 259 kinasema matoleo yake ya lugha tofauti yakipingana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Hilo ni kwa Katiba, si kwa mkataba wako wa viazi. Mkataba wako useme wenyewe. Katika biashara ya kimataifa, Kanuni za UNIDROIT, kifungu cha 4.7, zinapendelea toleo ambalo mkataba uliandikwa kwalo kwanza pale matoleo yenye nguvu sawa yanapopishana. Si sheria ya Kenya, lakini zinakuonyesha kwa nini inafaa kuandika mahali fulani ni toleo lipi lililotangulia.

Kuchagua lugha itakayofuatwa ni kazi ya pande mbili na mawakili wao. Mimi nina rai moja, na naitoa kila ninapoulizwa. Kifungu cha "Kiingereza kitafuatwa" hakiponyi tafsiri mbaya. Kinamhamishia hatari yake yule asiyesoma Kiingereza, kwa sababu anafungwa na karatasi ambayo hakuielewa. Kwa mikataba ya kazi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeliona hilo: kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi mkataba kwa lugha anayoielewa, ikiwa hajui kusoma au haelewi lugha ulioandikwa. Mkulima wa mkataba si mfanyakazi na hana kinga hiyo, kwa hiyo toleo la Kiswahili ndilo maelezo pekee aliyonayo. Njia nyingine ni kuyapa matoleo yote nguvu sawa. Hapo kila kasoro niliyoitaja juu inakuwa mlango wa kesi, na kazi ya kuhesabu maneno haiepukiki.

Molo walivyomaliza

Hawakufika mahakamani. Mnunuzi alikubali kwamba barua yake ingeweza kusomwa walivyoisoma, kikundi kikakubali kufidia sehemu ya mzigo kutoka kwa mavuno yaliyofuata, na wakili wao akaandika mkataba mpya. Mimi nilirekebisha Kiswahili bila malipo.

Kabla ya sahihi, Mama mwenyekiti wa kikundi alitaka safu ya Kiswahili isomwe kwa sauti yote mbele ya wanachama, na mtu mmoja wa upande wa mnunuzi akifuata Kiingereza kwa kidole. Tulitumia karibu saa tatu katika ukumbi wa kanisa. Kila palipokuwa na "ni lazima" au "haruhusiwi" tulisimama, Mama akauliza, "Na asipofanya?" Katika kifungu cha 11 mtu wa nyuma alijibu tofauti na wengine. Nilikuwa nimeandika viazi "vilivyoharibika", na Kiingereza kilihusu vilivyoharibika kabla ya kupakiwa tu. Tuliongeza maneno hayo matatu, "kabla ya kupakiwa", wakaweka herufi kando, tukaendelea na cha 12.